Barua ya kuuliza kwa nini hukuitwa kwenye usaili

Matangazo mengi ya kazi hapa Tanzania huishia na maneno yanayofanana: watakaokidhi vigezo ndio watakaojulishwa. Kwa nafasi za serikali, Sekretarieti ya Ajira inapotoa majina ya walioitwa huongeza kwamba wasioona majina yao watambue hawakukidhi vigezo, na wasisite kuomba tena. Tatizo ni kwamba mtu anaomba tena kwa wasifu ule ule, kwa sababu hajui kigezo kilichomwangusha ni kipi. Hapo ndipo barua pepe fupi, ya adabu, kwa afisa rasilimali watu inapokuwa na kazi.

Barua hizi zinaandikwa sana, na nyingi hazijibiwi. Sababu si roho mbaya ya afisa. Mwombaji anaandika: "Naomba kujua kwa nini sikuchaguliwa na niboreshe nini katika wasifu wangu." Kulijibu swali hilo kwa haki, afisa atafute faili kati ya mamia, asome upya kurasa tatu, kisha aandike ushauri wa aya nzima. Zaidi ya hapo anaogopa kwamba atakachoandika kitageuzwa kuwa malalamiko au rufaa. Basi anaiacha hadi kesho, na kesho haifiki.

Ili kuandika swali linalojibika, inafaa ujue mchujo unavyofanyika. Aghalabu afisa huandaa jedwali: majina ya waombaji yanashuka upande wa kushoto, vigezo vinakaa juu, kila kimoja kwenye safu yake. Safu za kwanza ni za vigezo vya lazima, yaani elimu, usajili wa bodi na miaka ya uzoefu. Hapo jibu ni ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kukutoa hata kama mengine yote ni dhahabu. Waliovuka ndio wanaopewa alama kwa ubora wa uzoefu wao, na wenye alama za juu wanaitwa. Kwa hiyo mtu huanguka katika moja ya sehemu mbili, na dawa zake ni tofauti kabisa. Afisa anaweza kukuambia ni ipi kwa kutazama mstari wako tu kwenye jedwali, bila kumtaja mwombaji mwingine.

Tuchukue kijana aliyeomba kazi ya afisa ununuzi katika kampuni binafsi ya Dar es Salaam. Tangazo lilitaka shahada, usajili wa PSPTB, ambayo ni Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Vyote anavyo. Wenzake wameitwa, yeye kimya. Barua yake ingeweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA MREJESHO, NAFASI YA AFISA UNUNUZI

Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Habari za kazi. Niliomba nafasi tajwa hapo juu tarehe 3 Machi, na nimefahamu kuwa walioitwa kwenye usaili wameshajulishwa. Naheshimu uamuzi huo, wala siombi ufikiriwe upya.

Naomba kujua jambo moja tu. Je, ombi langu liliishia kwenye vigezo vya lazima, au lilivuka hapo likazidiwa alama? Kama liliishia kwenye vigezo, nitashukuru kujua ni kipi.

Nimeambatisha wasifu niliotuma, usipate taabu ya kuutafuta. Sentensi moja itanitosha.

Ahsante kwa muda wako."

Kisha jina lake kamili kama lilivyoandikwa kwenye ombi, na namba ya simu. Sentensi ya kusema haombi uamuzi ubadilishwe ndiyo inayomwondolea afisa hofu, na nisingeiacha kwa vyovyote. Swali lenyewe lina majibu mawili, na lote liko kwenye jedwali ambalo bado halijafungwa. Kwa sababu hiyo barua iende ndani ya wiki moja au mbili baada ya walioitwa kujulishwa. Miezi mitatu baadaye afisa yuko kwenye nafasi nyingine. Kama tangazo lilikuwa kwa Kiingereza, aandike kwa Kiingereza. Asipojibiwa, ukumbusho mmoja baada ya wiki hivi unatosha. Wa pili unakuwa usumbufu.

Tuseme amejibiwa: "Miaka mitatu ya uzoefu haikuthibitika, na namba ya usajili haikuonekana." Mshtuko wa kwanza ni kudhani ameonewa, kwani amefanya kazi zaidi ya miaka mitatu. Lakini atazame alivyoandika. Kwenye wasifu kuna mistari miwili: kampuni ya ujenzi, 2021–2022, na wasambazaji wa dawa, 2022–2024. Kwa macho yake hiyo ni miaka minne kasoro kidogo. Anayechuja haruhusiwi kukisia. 2021–2022 inaweza kuwa Januari ya mwaka mmoja hadi Desemba ya mwaka wa pili, au Desemba hadi Januari tu. Akihesabu kwa upande wa chini kabisa, mistari yote miwili haifiki mwaka mmoja na nusu.

Ukweli ni kwamba alianza Machi 2021 akaondoka Mei 2022, miezi 15, kisha Juni 2022 hadi Agosti 2024, miezi 27. Jumla ni miezi 42, miaka mitatu na nusu. Kilichopungua ni majina manne ya miezi. Usajili nao alikuwa ameandika "mwanachama wa PSPTB" bila namba wala ngazi, na mwenye kujaza safu ya ndiyo au hapana alihitaji kitu cha kukagua. Marekebisho yote mawili ni kazi ya robo saa, na bila ile barua angeweza kuomba mwaka mzima akiangukia pale pale.

Kwa nafasi za serikali, kabla ya kuandika popote, rudia kusoma tangazo, maana mara nyingi jibu limo humo. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliwi badala ya vyeti, na kwamba waliosoma nje ya nchi wahakikishe vyeti vimeidhinishwa na mamlaka husika, kama TCU kwa vyuo vikuu au NECTA kwa sekondari. Aliyeambatisha hati ya matokeo hana haja ya kumuuliza mtu.

Jibu la aina ya pili ni "ushindani ulikuwa mkubwa". Wengi huliona kama la kufukuzia mtu. Wakati mwingine ndivyo lilivyo, hasa kama nafasi ilikuwa na mtu wake wa ndani, na hilo hakuna marekebisho ya wasifu yatakayolitibu. Lakini likija kujibu swali lililouliza vigezo au alama, lina habari: vigezo umevuka. Usiguse tarehe wala vyeti. Shida iko kwenye maelezo ya kazi, kwa sababu "nilihusika na ununuzi" haimpi anayetoa alama kitu cha kupima. Aandike alinunua nini, kwa thamani gani kwa mwaka, alishughulika na wazabuni wangapi, na mikataba aliisimamia mwenyewe au alikuwa msaidizi. Mambo hayo yapangwe kwa kufuata majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo, lile la kwanza kwenye tangazo likianza pia kwenye wasifu, maana anayetoa alama anashuka na orodha hiyo mkononi.