Waranti ya ziada ya runinga: Piga hesabu kabla ya kulipa

Mkazi wa Kajiado anaponunua runinga, swali la mwisho kwenye kaunta mara nyingi huwa hili: ungependa kuongeza waranti? Muuzaji huahidi miaka miwili zaidi ya utulivu kwa shilingi elfu chache. Uamuzi hutakiwa hapo hapo, huku mteja amekwisha kutoa pesa na gari la kurudi nyumbani linangoja. Kwa mkazi wa Oltepesi, aliye mbali na maduka na vituo vya ukarabati vya Nairobi na Kitengela, jibu linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi.

Jambo la kwanza ni kujua kinachouzwa. Runinga mpya kwa kawaida huja na waranti ya mtengenezaji, ambayo gharama yake imo ndani ya bei. Waranti ya ziada ni mkataba mwingine. Dukani huenda ukaambiwa ni "ya miaka mitatu", kumbe mwaka wa kwanza tayari ulikuwa wako bila malipo. Muulize muuzaji tarehe ambayo waranti ya ziada inaanza kufanya kazi na tarehe inayokwisha, kisha uhesabu miaka unayonunua kwa hakika.

Hesabu ya familia kumi

Chukulia familia moja ya Oltepesi imenunua runinga ya inchi 43 kwa shilingi 32,000, yenye waranti ya mtengenezaji ya mwaka mmoja. Duka linaiuzia waranti ya miaka miwili zaidi kwa shilingi 4,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mnunuzi aweke zake.

Hitilafu inayojulikana sana kwa mafundi ni kuungua kwa taa ndogo zilizopangwa nyuma ya kioo. Sauti inasikika lakini picha ni giza. Ukimulika kioo kwa tochi chumbani penye giza na kuona picha hafifu ikicheza, huenda taa hizo ndizo zimekufa na kioo chenyewe ni kizima. Kazi hiyo hufanywa na fundi wa kawaida. Tuseme anatoza shilingi 4,500.

Sasa fikiria familia kumi zilizonunua runinga hiyo, na zote zikalipia waranti. Kwa pamoja zimetoa shilingi 40,000. Ili pesa hizo zirudi kwa ukarabati wa shilingi 4,500 kila mara, karibu runinga tisa kati ya kumi zingepaswa kuharibika ndani ya miaka hiyo miwili. Zikiharibika tatu, ukarabati wote ni shilingi 13,500. Kwa hitilafu ndogo kama hii, ni nafuu kuziweka zile shilingi 4,000 kando na kumlipa fundi siku atakapohitajika.

Hesabu hubadilika pale kioo kinapokufa chenyewe. Kubadilisha kioo hukaribia bei ya runinga mpya. Ikiwa mkataba unaahidi runinga nyingine ya shilingi 32,000, inatosha moja kati ya nane iharibike hivyo ndipo waranti irudishe gharama yake. Kwa hiyo swali kubwa la kumuuliza muuzaji ni hili: kioo kikififia au kikitoa mistari bila kugongwa, mtanibadilishia? Uliza pia kama watatoa runinga mpya, au thamani iliyobaki baada ya kukata kiasi kwa kila mwaka uliotumika. Runinga ya shilingi 32,000 ikihesabiwa kuwa imebaki na nusu ya thamani, faida ya waranti nayo imepungua kwa nusu.

Yanayoachwa nje

Sehemu muhimu ya mkataba ni orodha ya mambo yasiyolipiwa. Matatu huwaumiza wanunuzi zaidi.

La kwanza ni kioo kilichopasuka. Mtoto akirusha mpira, au runinga ikipasukia njiani, mikataba mingi haihusiki. Ufa wa kugongwa huonekana kama utando wa buibui unaoanzia mahali pamoja, na fundi wa kampuni huutambua haraka. Kwa sababu hiyo, runinga iwashwe na kukaguliwa dukani kabla ya kufungwa, kisha isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya katoni lake. Usilitupe katoni hilo.

La pili ni umeme unaopanda na kushuka. Stima inaporudi kwa nguvu baada ya kupotea, sehemu inayopokea umeme ndani ya runinga inaweza kuungua, na mikataba mingi huliacha nje tatizo hilo. Ambapo stima hupotea mara kwa mara, kifaa cha kukinga umeme, ambacho wauzaji wengi hukiita gadi, kinaweza kusaidia kuliko karatasi ya waranti, kwa kuwa kinazuia hasara kabla haijatokea. Zima runinga kwenye soketi stima inapopotea, na usubiri dakika chache baada ya kurudi.

La tatu ni matumizi ya biashara. Waranti nyingi za runinga ni za matumizi ya nyumbani. Mwenye hoteli au baa anayeonyesha mechi kwa wateja anaweza kulipia waranti kisha akanyimwa huduma. Aliyenunua kwa biashara aseme hivyo mapema, na aone imeandikwa kwenye mkataba.

Gharama ya njiani

Mkataba ukisema mteja ndiye atakayepeleka runinga kwenye kituo Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi kupeleka, kisha kwenda na kurudi kuchukua, ni sehemu ya bei ya waranti. Nauli hizo nne zikifika shilingi 2,500, ukarabati wa "bure" umegharimu zaidi ya nusu ya malipo ya fundi aliye karibu, na runinga imebebwa barabarani mara mbili. Waranti ambayo kampuni inakuja kuichukua runinga nyumbani ina thamani zaidi kwa mkazi wa mbali. Hakikisha Oltepesi imo katika maeneo wanayofika.

Haki usiyohitaji kununua

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora wa kuridhisha. Runinga iliyouzwa ikiwa na kasoro ni jukumu la muuzaji hata kama mteja alikataa waranti ya ziada, na bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" halifuti haki hiyo.

Muhimu ni ushahidi. Tunza risiti, kadi ya waranti iliyopigwa mhuri, na nambari ya runinga iliyo nyuma yake. Zipige picha pia, kwa kuwa wino wa risiti hufifia. Hitilafu ikitokea, mpe muuzaji taarifa kwa maandishi kabla ya kumwita fundi mwingine, kwani runinga iliyofunguliwa na mtu wa nje inaweza kupoteza waranti. Muuzaji akikataa, malalamishi yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Kwa ufupi, waranti ya ziada inafaa iwapo inagharamia kioo kinachokufa chenyewe, inagharamia uharibifu wa umeme, na inaifikia runinga ilipo. Ikikosa mambo hayo, shilingi 4,000 zinatosha kununua gadi na kuanza akiba ya fundi.