Je, Wajua? Programu Zinazobeba na Zinazoazima

Je, wajua kuwa ni programu chache sana zinazofanya kazi zake zote zenyewe? Kusoma picha, kubana faili, kuficha mawasiliano kwa siri: hayo huachiwa maktaba zilizoandikwa na watu wengine. Katika uunganishaji tuli, sehemu za maktaba zinazohitajika hunakiliwa ndani ya faili la programu. Katika uunganishaji badilifu, programu hubeba jina la maktaba tu, mathalani `libssl.so.1.1`, na mfumo huitafuta kila programu inapowashwa.

Je, wajua kuwa jina hilo liliwasumbua wengi mwaka 2022? Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 na kuiacha 1.1. Programu zilizotegemea ile ya zamani zikagoma kuwaka:

```
error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file
```

Wapo waliojaribu kuibandika `libssl.so.3` jina la zamani. Ujanja huo haukufua dafu, kwa kuwa mfumo hukagua pia toleo lililomo ndani ya maktaba, nao ukalalamika kukosa `OPENSSL_1_1_0`. Dawa ya kweli ilikuwa kuijenga programu upya.

Ndiyo maana watengenezaji wasiojua mteja anatumia mfumo gani hupenda kufungasha kila kitu. Si lazima kiwe kimeunganishwa kituli: wengi huweka tu maktaba zao kwenye folda ya programu yenyewe, na AppImage hufanya vivyo hivyo ndani ya faili moja.

Je, wajua gharama yake? Wengi hutaja nafasi ya diski, lakini hiyo ndiyo ndogo. Septemba 2023 liligunduliwa shimo la usalama katika libwebp, maktaba ya kusoma picha za WebP: picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuharibu kumbukumbu ya programu. Kwenye Debian, kusasisha kifurushi kimoja kulizitibu programu zote zilizoazima maktaba hiyo ya mfumo. Lakini Chrome, Firefox na programu zilizojengwa juu ya Electron, kama Slack na Signal ya kompyuta, kila moja ilikuwa na nakala yake, hivyo kila moja ikasubiri sasisho lake. Programu ambayo mwenyewe aliitelekeza ilibaki na shimo.

Na aliyeazima naye asibweteke: programu iliyokwisha kuwaka huendelea kushikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka izimwe na kuwashwa tena.

Ukitaka kujua programu yako ya Linux inaazima nini, andika:

```
objdump -p ./programu | grep NEEDED
```

Wengi hukimbilia `ldd`, ambayo hufuata pia maktaba za maktaba. Usiitumie kwa faili usilolijua lilikotoka, kwani mara nyingine huliendesha.