Simiti ya Likoni na namba ambayo haikusogea

Mwaka 2024, Amsons ya Tanzania ilipotangaza kutoa shilingi 65 kwa kila hisa ya Bamburi, fundi anayenijengea ukuta hapa Likoni aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu siku ile. "Mzee, sasa mfuko utapanda?" Nikamwambia, subiri, kuna watu kazi yao ni kuangalia mambo hayo. Akacheka. "Wanaangalia kwa nini, kwa macho?"

Kwa namba, kwa sehemu kubwa, na namba mojawapo mimi na wewe tunaweza kuipiga nyuma ya risiti ya hadiwea. Jina lake refu ni kipimo cha Herfindahl na Hirschman. Wenyewe wanaandika HHI.

Tuseme katika soko fulani la simiti, kila mifuko 100 inayouzwa hutoka kwa kampuni nne: ya kwanza 40, ya pili 30, ya tatu 20 na ya nne 10. Hesabu hizi ni zangu, za mfano tu. Chukua kila namba uizidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe zote. Arobaini mara arobaini ni 1,600, na zinazofuata ni 900, 400 na 100. Jumla ni 3,000. Kama soko lote lingekuwa la kampuni moja, ungepata 100 mara 100, yaani 10,000, na hapo ndipo kikomo. Ukigawanya 10,000 kwa 3,000 unapata tatu na kidogo. Maana yake ni kwamba soko hilo la kampuni nne linafanana na soko la kampuni tatu na ushei zinazolingana. Yule mdogo wa mifuko kumi yumo sokoni, lakini hesabu inakwambia uzito wake ni mdogo.

Kwa nini kuzidisha namba kwa yenyewe, badala ya kuhesabu kampuni tu? Kwa sababu mkubwa anaweza kupandisha bei na wateja wake wasipate kwa kukimbilia, lakini mdogo akijaribu hivyo anabaki na stoo imejaa. Kuzidisha huko kunampa mkubwa uzito zaidi ya sehemu yake.

Sasa mbili ziungane. Ya tatu ikinunua ya nne, tunabaki na 40, 30 na 30, na jumla inakuwa 3,400. Imepanda 400. Kuna njia ya mkato: zidisha sehemu za hao wawili, kisha mara mbili. Ishirini mara kumi ni 200, mara mbili ni 400. Lakini ikiwa ya kwanza ndiyo inayonunua ile ya nne, ni 40 mara 10 mara 2, yaani 800. Kampuni iliyopotea ni ileile, ila athari ni maradufu.

Wakaguzi wa miungano hutazama vitu viwili, namba ilipofika na kiasi ilivyopanda. Marekani, kwa mwongozo wao wa 2023, soko likipita 1,800 baada ya muungano na kupanda huko kukizidi 100, wanachukulia kwamba muungano una madhara, na wenye kampuni ndio wathibitishe vinginevyo. Sheria yetu ya Ushindani ya 2010 haina mstari wa HHI ulioandikwa ndani yake. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inatakiwa kupima kama ushindani utapungua, na pia kutazama maslahi ya umma, ajira ikiwemo.

Rudi kwa swali la fundi. Amsons ilikuwa na simiti yake Tanzania, ile ya Ngamia, lakini hapa Kenya haikuwa na kiwanda. Ukichora soko kwa mpaka wa Kenya na kumpa mnunuzi sifuri, 40 mara sifuri ni sifuri. Kipimo hakisogei hata pointi moja. Bamburi, kiwanda kinachotoa simiti upande wa kaskazini tangu miaka ya 1950, kinabadilisha mwenyewe tu. Kufika Desemba 2024 ununuzi ulikuwa umekamilika.

Lakini mwaka huohuo Amsons ilikuwa imenunua pia Tanga Cement, wenye Simba ya kule (tusichanganye na Simba ya Devki ya hapa Kenya, sekta hii imejaa wanyama). Kutoka Likoni hadi Tanga, kwa kupitia Lunga Lunga, haifiki kilomita 200. Athi River ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Simiti ni mzigo mzito wa bei ndogo, na nauli ya lori ndiyo inayoamua nani anashindana na nani. Kwa hiyo jaribu kuchora soko kwa barabara, usitumie bendera. Tuseme, kwa mfano tena, mifuko kumi kati ya mia upande huu wa kusini inatoka Tanga, na wale wanne wa kwanza wanabaki na 36, 27, 18 na 9. Jumla ya vipeo inakuwa 2,530. Mwenye 36 na mwenye 10 wakiwa mikononi mwa mtu mmoja, 36 mara 10 mara 2 ni 720, na kipimo kinafika 3,250.

Kampuni ni zilezile na hesabu ni ileile, lakini jibu moja ni sifuri na jingine ni 720. Kilichobadilika ni mstari wa mpaka wa soko. Kwa hiyo anayekuletea HHI, kwanza muulize soko amelichora wapi, na kwa ushahidi gani. Kama hakuna lori la Tanga linalovuka kuja kuuza huku, hata bei za huku zikipanda, basi sifuri ndiyo sahihi na hizo kumi zangu ni ndoto. Hilo linajulikana kwa rekodi za forodha na vitabu vya wauzaji, kalkuleta haiwezi kukuambia.

Tanga yenyewe ilishapita kwenye mtihani wa aina nyingine. Mwaka 2021 Scancem, ya kundi lenye simiti ya Twiga, ilitaka kuinunua. Tume ya Ushindani ya Tanzania iliruhusu kwa masharti mwaka 2022, kisha Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likabatilisha, kwa hoja kwamba wawili hao pamoja wangepita asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria yao wakati huo ilikitaja katika kutambua ukuu wa soko. Mwaka 2023 ombi jipya likapita, na mwaka 2024 Scancem ikaiuza kwa Amsons.

Kipimo cha asilimia 35 ni rahisi kueleweka, lakini nakiona butu. Mwenye 34 akinunua mwenye 2 anafika 36. Wawili wenye 18 kila mmoja nao wakiungana wanafika 36. Kwa mstari wa 35 wote wamekosea sawa. Kwa HHI, wa kwanza kapandisha 136, wa pili 648.

HHI nayo ina upofu wake. Kwa miaka mingi kundi la Lafarge, wenye Bamburi, lilikuwa pia na zaidi ya asilimia 40 ya hisa za East African Portland. Kwenye hesabu ya kawaida hizo ni kampuni mbili zinazoshindana. Nani ashindane kwa nguvu zote na kampuni ambayo faida yake inaingia mfukoni mwake? Halafu kuna klinka, ile inayosagwa ikawa simiti. Kampuni nne za kusaga zinazonunua klinka kwa mtu mmoja zinaonekana nne kwenye mifuko, na ni moja mlangoni pa tanuru.

Fundi nilimpelekea hesabu hii wiki iliyofuata, nimeiandika kwenye karatasi ya mfuko. Akaisoma mpaka chini, akarudi kwenye zile kumi za Tanga. "Mimi hapa sijawahi kupakua ya Tanga," akasema. Nikamuuliza, na kule Lunga Lunga kwenu? Akafikiri kidogo. "Kule, hilo ni jambo jingine."