Upimaji wa Pufya: Afisa Anapobisha Hodi, na Utaratibu kwa Mwanariadha Mgonjwa

Si jambo geni kwa wakazi wa Iten na vijiji jirani kuona watu wawili au watatu wakishuka kwenye gari alfajiri na kubisha lango la mwanariadha. Hao ni maafisa wa kupima pufya, yaani matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Huenda wametumwa na Shirika la Kupambana na Pufya Nchini (ADAK), lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au na Kitengo cha Uadilifu katika Riadha (AIU) chenye makao yake Monaco.

Ziara hizo huzua maswali mengi. Kwa nini mtu apimwe ilhali hakuna mashindano? Je, mwanariadha akiugua hawezi kutibiwa? Maelezo haya yanawahusu wanariadha, na pia jamaa wanaoishi nao na wahudumu wa afya wanaowatibu.

Kwa nini wapimwe nyumbani

Baadhi ya dawa humfaidi mtumiaji muda mrefu baada ya kutoweka mwilini. Mfano ni EPO, ambayo huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Dalili za EPO kwenye mkojo zinaweza kutoweka kwa muda wa siku chache tu, lakini chembe za damu zilizoongezeka hudumu kwa wiki kadhaa. Kama wanariadha wangepimwe siku ya mbio pekee, anayetumia EPO angeacha mapema, apimwe na aonekane safi, kisha akimbie na faida ile ile.

Kwa sababu hiyo wanariadha wa viwango vya juu huwekwa katika orodha maalumu ya upimaji. Kila aliye katika orodha hiyo hujaza taarifa za miezi mitatu katika mfumo wa mtandaoni uitwao ADAMS. Huandika mahali atakapolala kila siku, mahali anapofanyia mazoezi, na mashindano atakayoshiriki. Zaidi ya hayo, huchagua saa moja kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambapo ni lazima apatikane mahali alipotaja. Wengi huchagua saa ya alfajiri wakiwa bado nyumbani.

Mipango ikibadilika, mwanariadha anaweza kurekebisha taarifa hizo kwa simu. Tatizo hutokea anaposafiri ghafla kwenda matangani au kumwona mgonjwa na kusahau kubadilisha. Afisa akifika ndani ya ile saa moja, hubisha hodi, hutafuta, na kusubiri hadi saa hiyo iishe. Si lazima apige simu, kwa kuwa upimaji huu unapaswa kuwa wa kushtukiza. Asipompata, huandika ripoti ya kukosa kipimo, na mwanariadha hupewa nafasi ya kujieleza kabla ya kosa hilo kuthibitishwa.

Makosa matatu ya aina hiyo ndani ya miezi 12, yawe ni kukosa kipimo au kutoa taarifa zisizo sahihi, ni ukiukaji wa sheria hata kama hakuna dawa yoyote iliyopatikana. Elijah Manangoi, bingwa wa dunia wa mita 1500 mwaka 2017, alikosa vipimo vitatu mwaka 2019. Alifungiwa miaka miwili, na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilifanyika mwaka 2021 akiwa nje.

Jamaa wa mwanariadha wanapaswa kulielewa hili. Mtu anayemwambia afisa "hayuko" ilhali mwanariadha amelala chumba cha ndani anamletea madhara makubwa. Kukwepa kipimo au kukataa kupimwa ni kosa linaloweza kumfungia mtu miaka minne.

Hatua za kipimo chenyewe

Afisa huonyesha kitambulisho chake na barua ya mamlaka, kisha humjulisha mwanariadha kwamba amechaguliwa kupimwa. Kuanzia hapo mwanariadha hapaswi kuondoka machoni pa afisa hadi shughuli iishe. Anaweza kula, kunywa na kumwita mtu wa kumsindikiza. Aliye chini ya umri wa miaka 18 anapaswa kupimwa mtu mzima wa kumwakilisha akiwapo.

Mkojo hutolewa mbele ya afisa wa jinsia moja na mwanariadha. Wengi huona aibu, lakini hiyo ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba mkojo uliotolewa ni wa mtu huyo. Kiasi kinachohitajika ni angalau mililita 90. Ukipungua, ule uliopatikana hufungwa kwa muda na mwanariadha husubiri hadi atoe mwingine. Kunywa maji mengi ili kuharakisha mambo kunaweza kuchelewesha, kwa sababu mkojo mwepesi mno haufai kwa uchunguzi na atalazimika kutoa tena.

Mwanariadha mwenyewe huchagua vifaa kati ya seti kadhaa, hukagua kwamba havijafunguliwa na kwamba nambari zake zinalingana. Kisha hugawa mkojo katika chupa mbili, A na B, na kuzifunga kwa mkono wake. Chupa hizo haziwezi kufunguliwa tena bila kuacha alama. Kwenye fomu hutaja dawa na virutubisho alivyotumia ndani ya siku saba zilizopita. Kuandika dawa hapo si kuomba ruhusa ya kuitumia, ila humlinda baadaye ikiwa swali litazuka. Kabla ya kutia sahihi, anapaswa kulinganisha nambari za chupa na za kwenye fomu, na kuandika malalamiko yoyote aliyo nayo. Nakala hubaki naye.

Maabara hupokea nambari pekee, bila jina. Chupa A ndiyo hupimwa kwanza. Ikipatikana dawa iliyokatazwa, mwanariadha ana haki ya kutaka chupa B ifunguliwe, yeye au mwakilishi wake akiwapo. Sampuli zinaweza kuhifadhiwa hadi miaka 10 na kupimwa upya mbinu mpya zikipatikana.

Wakati mwingine huchukuliwa damu. Vipimo hivyo huwekwa katika pasipoti ya kibayolojia, ambayo ni kumbukumbu ya damu ya mtu mmoja kwa miaka kadhaa. Wataalamu humlinganisha mwanariadha na yeye mwenyewe, wakitafuta mabadiliko ambayo mwili hauwezi kuyafanya peke yake. Kwa kuwa kuishi mahali pa juu kama Iten, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, huathiri damu, afisa huuliza mwanariadha amekuwa wapi wiki mbili zilizopita. Pia husubiri muda upite baada ya mazoezi kabla ya kuchukua damu.

Mwanariadha anapougua

Sheria haimkatazi mwanariadha kutibiwa. Iwapo dawa anayohitaji imo katika orodha ya marufuku, anaweza kuomba idhini ya matumizi kwa matibabu, inayojulikana kama TUE. Anayeshindana kitaifa huomba kwa ADAK, na wa kimataifa huomba kwa shirikisho la riadha duniani.

Maombi huamuliwa na kamati ya madaktari. Ni lazima ithibitike kwamba ugonjwa umetambuliwa kwa vipimo na dawa hiyo inahitajika. Kwamba haimpi nguvu zaidi ya kumrudishia afya ya kawaida. Kwamba hakuna dawa nyingine inayoruhusiwa na inayofaa. Na kwamba ugonjwa hautokani na matumizi ya awali ya dawa haramu. Barua fupi ya daktari isiyo na matokeo ya vipimo haitoshi. Maombi yanapaswa kufika angalau siku 30 kabla ya mashindano, na kamati hutakiwa kuamua ndani ya siku 21 baada ya kupokea stakabadhi zote.

Mtu mwenye kisukari anayetegemea insulini, kwa mfano, huhitaji TUE kwa sababu insulini imekatazwa wakati wote. Haachi kuitumia, anapaswa kuwa na idhini iliyo hai na kuomba upya kabla haijaisha.

Mfano wa mgonjwa wa pumu

Tuseme mkimbiaji ana pumu na hutumia pampu ya salbutamoli. Pampu ya kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa kila mvuto. Kanuni zinaruhusu hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, mradi asizidishe 600 ndani ya saa nane. Hivyo mivuto miwili mara tatu kwa siku haina shida na haihitaji idhini.

Jumatano usiku anashikwa vibaya na kukimbizwa hospitalini. Anawekewa mashine ya nebulaiza yenye miligramu 2.5 za salbutamoli, sawa na mikrogramu 2,500, kisha anapewa vidonge vya prednisoloni vya kumeza hadi Jumapili. Alhamisi asubuhi afisa wa kupima anafika. Mbio zake ni Jumapili ya wiki inayofuata.

Kwanza, kutibiwa kulikuwa sahihi, kwani uhai hautangoji fomu. Lakini kiasi cha nebulaiza kimepita kikomo, na salbutamoli inayopita kikomo imekatazwa hata nje ya mashindano. Anapaswa kupimwa bila kukataa, ataje matibabu kwenye fomu, na aombe TUE ya dharura mara moja, ambayo huweza kutolewa baada ya dawa kutumika. Atahitaji rekodi ya hospitali inayoonyesha saa aliyofika, hali yake, jina la dawa, kiasi na njia iliyotumika.

Prednisoloni ni tofauti. Ya kumeza imekatazwa wakati wa mashindano pekee, na wakati huo huanza dakika moja kabla ya saa sita usiku wa kuamkia mbio. Muda unaopendekezwa wa dawa hiyo kutoka mwilini ni siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Yeye atakuwa na karibu siku sita, kwa hivyo yuko salama, ingawa anapaswa kutunza rekodi. Lau mbio zingekuwa Jumanne, angeweza kupatikana na dawa na kulazimika kuomba idhini.

Dawa za jamii moja hazilingani. Sindano ya triamsinoloni kwenye msuli, ambayo wengine hudungwa kwa maumivu, hupendekezwa ipewe siku 60. Dawa hiyo imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya. Kusema "nilidungwa tu kwenye kliniki" hakumwondolei mtu lawama, kwa sababu kila mwanariadha huwajibikia kinachopatikana mwilini mwake.

Kwa hivyo mwanariadha anapofika zahanati au duka la dawa, ajitambulishe kuwa hupimwa pufya kabla hajaandikiwa dawa. Mhudumu naye amwandikie jina la dawa, kiasi, tarehe na njia ya kuitumia. Asiye na uhakika kuhusu dawa aulize ADAK kabla ya kuitumia, isipokuwa kwa dharura, ambapo matibabu hutangulia na stakabadhi hufuata bila kukawia.