Hoteli Iliyofungua Hoteli: Taarifa Moja, Wasomaji Wawili

Majuzi rafiki yangu anayeshughulikia mawasiliano katika hoteli moja mjini Kitui aliniletea taarifa kwa vyombo vya habari niihariri. Alihitaji nakala mbili: moja ya redio na magazeti yanayofuatwa Kitui na Makueni, nyingine ya wahariri wa nje, wakiwemo wa Tanzania. Ilianza hivi: ‘Hoteli yetu itafungua hoteli mpya Ijumaa saa 7 jioni, ambapo wageni wataonja muthokoi, aina ya githeri.’

Nilipomuuliza kuhusu hoteli mbili hizo, alicheka. “Kwani Mwalimu, hoteli si ni pahali pa kula?” Hakukosea. Kwa Mkenya wa kawaida, kula hotelini ni kununua chai na chapati kibandani. Mtanzania, kwa upande wake, anaposikia hoteli hufikiria vyumba vya kulala. Pa kula hupaita mgahawa. Mhariri wa Dar es Salaam angedhani kampuni imejenga jengo la pili. Katika nakala ya nyumbani tuliandika ‘mkahawa ndani ya hoteli’, na katika ile ya Tanzania ‘mgahawa’.

Kosa la pili ni la saa. Saa 7 jioni haipo katika Kiswahili. Ni saa ya Kiingereza iliyovishwa neno ‘jioni’. Mtangazaji makini wa Wote akiisoma atasita: ni saa saba mchana au saa moja jioni? Akikisia vibaya, wageni watafika saa sita mapema. Nyumbani tuliandika ‘saa moja jioni’. Kwa wahariri wa nje tuliongeza ‘saa 19:00 za Afrika Mashariki’, maana wengine wako mbali na saa zetu.

La tatu ni chakula. Muthokoi na githeri vyote huwa na mahindi na maharagwe, lakini mahindi ya muthokoi hutwangwa kwanza kinuni kwa maji kidogo hadi maganda yatoke. Ya githeri hupikwa na maganda yake. Msikilizaji wa Makueni akiambiwa muthokoi ni aina ya githeri, atajua mwandishi hajaketi jikoni Ukambani. Kwake jina pekee linatosha. Anachotaka kujua ni bei. Mgeni ndiye anayehitaji maelezo, nayo yasizidi kishazi kimoja.

Nakala ya nje ikasomeka hivi: ‘Hoteli moja mjini Kitui, mashariki mwa Nairobi, Kenya, itafungua mgahawa Ijumaa saa moja jioni (19:00 za Afrika Mashariki). Wageni wataandaliwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondolewa maganda na kupikwa na maharagwe.’ Jina la hoteli na tarehe nimeviacha hapa. Katika taarifa yenyewe havikosi, tena katika sentensi hiyohiyo ya kwanza. Mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini.