Mlinzi Anayeona Kupitia Ukuta

Michezo ya kompyuta ya kunyemelea, ile iliyopata umaarufu mwaka 1998 kwa Metal Gear Solid na Thief, husimama juu ya ahadi moja: ukijibanza nyuma ya ukuta, mlinzi hakuoni. Ahadi hiyo ikivunjwa, mchezaji hamsifu mlinzi kwa ujanja. Anaona amedhulumiwa, na anazima.

Mlinzi wa kwenye mchezo hana macho. Mara kadhaa kwa sekunde programu hujiuliza: mchezaji yuko umbali gani, yuko mbele ya mlinzi au mgongoni, na je, kuna kitu kati yao? Swali la mwisho hujibiwa kwa mwale, yaani mstari ulionyooka usioonekana, unaorushwa kutoka kwa mlinzi hadi kwa mchezaji. Ukigonga ukuta njiani, mlinzi haoni kitu. Ukifika bila kugonga, king'ora kinalia.

Kwa hiyo mlinzi anapoona kupitia ukuta, wengi huanza kuushuku ukuta wenyewe. Mara nyingi hauna kosa. Ubovu uko pale mwale unapoanzia.

Tuchukue mchezo uliotengenezwa kwa injini ya Unity. Mlinzi amevikwa umbo la kidonge lisiloonekana, ambalo ndilo linalomzuia asipenye kuta. Tuseme kidonge hicho kina upana wa mita moja, kwa hiyo kutoka katikati ya mwili hadi ukingoni ni sentimita 50. Mtengenezaji anahofia kwamba mwale ukianzia katikati ya kichwa utamgonga mlinzi mwenyewe, basi anausogeza mbele sentimita 60 ili utoke nje ya kidonge:

```csharp
Vector3 jicho = transform.position
    + Vector3.up * 1.6f
    + transform.forward * 0.6f;
```

Uwanjani kila kitu kinakwenda sawa. Kisha mlinzi anafika mwisho wa doria yake na kusimama kifua kikigusa ukuta wenye unene wa sentimita 20. Ukuta huo unaanza sentimita 50 kutoka katikati ya mwili wake na kuishia sentimita 70. Mwale unaanzia sentimita 60, ndani kabisa ya matofali.

Hapo ndipo kanuni moja ya Unity inapouma: katika michezo ya pande tatu, mwale ulioanzia ndani ya umbo haulihesabu umbo hilo. Unatoka upande wa pili kana kwamba ukuta haupo na kumfikia mchezaji aliyejificha. Ndiyo maana kuongeza unene wa ukuta, dawa ya kwanza ambayo watu hujaribu, hakusaidii. Hata ukiufanya wa mita mbili, mwale bado unaanzia ndani yake.

Kinachochekesha ni kwamba hofu ya awali haikuwa na msingi. Kwa kanuni hiyohiyo, mwale ulioanzia katikati ya kidonge usingekigonga kidonge.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: mlinzi aliyeukaribia ukuta huku akiutazama anaona, na akirudi nyuma hatua moja anapofuka. Ili kuthibitisha, chora mwale kwa `Debug.DrawLine`, simamisha mchezo, kisha tazama kutoka juu. Wengi huangalia mwisho wa mstari, kwa mchezaji, na mwisho huo daima unaonekana sawa. Angalia mwanzo wake.

Dawa ni kurudisha jicho katikati ya mwili. Kidonge hakiwezi kuingia ukutani, kwa hiyo katikati yake nako hakuwezi. Halafu, badala ya kukwepa mwili wa mlinzi kwa umbali, ambia mwale ujali tabaka la vizuizi tu, ili hata bunduki aliyoishika isiuzuie:

```csharp
Vector3 jicho = transform.position + Vector3.up * 1.6f;
bool kuna = Physics.Linecast(jicho, kichwa, vizuizi);
```

Wapo wanaopenda kuufunga mwale kwenye mfupa wa kichwa ili mlinzi achungulie kwa kuinama. Inapendeza, lakini kinachozuiwa na ukuta ni kidonge, si kichwa kilichochorwa. Mlinzi akiinama mbele, paji la uso linaweza kuzama ukutani na ubovu ukarudi. Anayetaka hivyo arushe kwanza mwale mfupi kutoka katikati ya mwili hadi kichwani, na ukigonga kizuizi, atumie katikati ya mwili.

Dawa hii inataka uangalifu mmoja. Mwale sasa unajali tabaka moja tu, na mlango uliosahauliwa nje ya tabaka hilo, hata ukiwa umefungwa, kwa mlinzi ni uwazi mtupu.