Kibali Kimetoka, Lakini Toleo ni Lipi?

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilipofunguliwa, mfumo wa kampuni ya udalali ya Knight Capital ulianza kununua na kuuza hisa bila kujizuia. Oda 212 za wateja wadogo zilizaa miamala milioni nne katika muda wa dakika 45. Mafundi walipofanikiwa kuuzima, kampuni ilikuwa na mzigo wa hisa ambazo haikuzikusudia, na hasara iliyotokana nazo ilizidi dola milioni 460.

Uchunguzi wa mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ulionyesha chanzo chake. Siku chache kabla, kampuni ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake. Seva zilikuwa nane, lakini fundi alinakili programu mpya kwenye saba tu. Ya nane ilibaki na programu ya zamani, ambayo ndani yake kulikuwa na kipande kilichoachwa kutumika tangu 2003. Bahati mbaya, alama iliyokuwa ikikiwasha kipande hicho ndiyo iliyopewa kazi mpya. Hakukuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, na tatizo la seva moja likaenea kwenye zote.

Programu ile mpya haikupenyezwa kwa siri, maana ilikuwa kazi iliyopangwa na kampuni yenyewe. Kilichokosekana ni mtu au rejista ya kueleza seva ipi ina toleo lipi. Ndiyo maana kozi za programu hutenganisha udhibiti wa mabadiliko na usimamizi wa usanidi, ingawa wanafunzi wengi huyajibu mambo hayo mawili kama jambo moja kwenye mtihani.

Udhibiti wa mabadiliko huuliza: je, tubadilishe? Nani ameomba, kitagusa nini, kitagharimu kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kukubali? Usimamizi wa usanidi huuliza: tuna vitu gani, kila kimoja kiko toleo gani, na matoleo yapi yanakwenda pamoja? Udhibiti wa matoleo ni chombo kilicho ndani ya usimamizi huo. Kazi yake ni kutunza historia ya kila faili: nini kilibadilika, lini, kwa mkono wa nani. Maswali haya hayahusu programu peke yake. Nyaraka za mradi nazo hupotezana kwa namna ileile, tena kimyakimya zaidi, kwa kuwa waraka wenye kosa hauzimi kompyuta.

Tuchukue mradi wa kundi la wanafunzi wanaotengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS. Wana nyaraka nne: mahitaji, usanifu, mpango wa majaribio na mwongozo wa mtumiaji. Hatua ya kwanza ya usanidi ni kuvitambua vitu hivi kwa kuvipa vifupisho visivyobadilika: MHT, USN, JRB na MWG. Kisha kila waraka hupewa namba ya toleo. Desturi iliyozoeleka ni kwamba namba inayoanza na 0 ni rasimu, 1.0 ni toleo la kwanza lililoidhinishwa, 1.1 ni badiliko dogo baada ya hapo, na 2.0 ni badiliko kubwa. Faili iitwayo "mahitaji_mwisho_kabisa" haina nafasi katika mpango huu, kwa sababu jina hilo halimwambii msomaji kama waraka umeidhinishwa wala umetanguliwa na upi.

Nyaraka zote nne zikishaidhinishwa katika toleo la 1.0, kundi linaziandika pamoja kama seti moja. Seti hiyo huitwa toleo msingi, nasi tuipe jina msingi-1. Kabla ya hapo mwandishi yuko huru kurekebisha rasimu yake kila siku bila kuomba ruhusa, mradi historia inatunzwa. Toleo msingi likishatangazwa, hakuna anayegusa waraka bila ombi lililokubaliwa. Kwa hiyo udhibiti wa matoleo huanza na sentensi ya kwanza ya rasimu, ilhali udhibiti rasmi wa mabadiliko huanza pale kundi linapokubaliana kwamba sasa waraka huu ndio wa kufuatwa.

Sasa SACCOS inaleta maombi. Mahitaji yanasema kila mkopo uwe na wadhamini wawili, nayo inataka wadhamini watatu kwa mikopo inayozidi shilingi milioni 5. Ombi linaandikwa na kupewa namba OM-07. Mmoja wa kundi anapima athari zake. Katika MHT ni sentensi moja tu. Katika USN jambo ni kubwa zaidi, kwa sababu jedwali la mikopo lina safu mbili za wadhamini, na kuongeza ya tatu ni kuweka kiraka. Ni afadhali kufungua jedwali la wadhamini peke yake. Katika JRB yanahitajika majaribio ya mpakani: mkopo wa shilingi 5,000,000 kamili wenye wadhamini wawili upite, wa shilingi 5,000,001 ukataliwe. Katika MWG fomu ya maombi inabadilika. Kisha linazuka swali ambalo SACCOS haikulifikiria: mikopo mikubwa iliyokwisha kutolewa nayo itafutiwe mdhamini wa tatu? Kamati ndogo ya mradi, yenye mwakilishi wa SACCOS, inakaa na kuamua kwamba sharti litahusu maombi mapya tu. OM-07 inakubaliwa.

Hapo udhibiti wa mabadiliko umemaliza sehemu yake kubwa, na umeifanya vizuri. Lakini tazama linalofuata. Mwandishi wa USN hafungui faili iliyo kwenye hifadhi ya mradi. Anafungua nakala aliyotumiwa WhatsApp wiki kadhaa nyuma, ambayo ni rasimu ya 0.9. Anaongeza jedwali la wadhamini kama alivyoagizwa, anaandika 1.1 juu yake na kuiweka kwenye hifadhi. Kwenye orodha ya maombi, OM-07 inawekewa alama ya kukamilika. Kila aliyeangalia wadhamini ameona watatu. Hakuna aliyeona kwamba rasimu ya 0.9 ilikuwa na kosa lililosahihishwa katika 1.0, na kosa hilo sasa limerudi.

Kamati haiwezi kuligundua kwa kusoma ombi, maana ombi halina kasoro. Litagunduliwa kwa kulinganisha matoleo. Kundi likiwa linatumia Git, na nyaraka zimeandikwa kama matini ya kawaida, kila seti iliyoidhinishwa huwekewa lebo, na kila badiliko hutaja namba ya ombi lake:

```
git commit -m "OM-07: wadhamini watatu, mikopo inayozidi milioni 5"
```

Kabla ya kuweka lebo mpya, mkaguzi analinganisha hali ya sasa na seti ya zamani:

```
git diff msingi-1 -- nyaraka/
```

Katikati ya mistari ya wadhamini, anakutana na hii:

```
-Ukomo wa mkopo ni mara tatu ya akiba ya mwanachama.
+Ukomo wa mkopo ni mara mbili ya akiba ya mwanachama.
```

Mstari wenye alama ya kutoa ndio uliokuwapo, na wenye alama ya kujumlisha ndio uliochukua nafasi yake. OM-07 haikusema lolote kuhusu ukomo wa mkopo. Basi mstari huu hauna ruhusa, na toleo la 1.1 linarudishwa kwa mwandishi. Huu ndio ukaguzi wa usanidi, na kanuni yake ni fupi: kila tofauti kati ya seti mbili lazima iwe na ombi lililoikubali, na kila ombi lililokubaliwa lazima lionekane kwenye tofauti hizo. Upande wa kwanza wa kanuni hunasa mabadiliko yaliyopenya bila kibali. Upande wa pili hunasa vibali ambavyo havijatekelezwa kila mahali, kama seva ya nane ya Knight Capital au JRB ambayo bado inasema wadhamini wawili.

Baada ya masahihisho, rejista ya usanidi inaandikwa upya. Haihitaji programu ya gharama, kwani jedwali lenye safu nne linatosha: waraka, toleo, toleo la MHT linalofuatwa, na ombi la mwisho. Safu ya tatu ndiyo husahaulika, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. JRB ikiandika kwamba inapima MHT 1.0 wakati MHT iko 1.1, mtu yeyote atajua kwa kutupa jicho kwamba majaribio hayo yanapima sharti lililokwisha kubadilishwa. Bila safu hiyo, mjaribu atauona mfumo ukidai mdhamini wa tatu na kuuripoti kuwa una kosa, na kundi litamaliza siku nzima likibishania kitu kilichokwisha kuamuliwa. Seti mpya ikikamilika hupewa lebo:

```
git tag -a msingi-2 -m "Baada ya OM-07"
```

Chombo hiki kina mipaka yake. Git hutunza chochote inachopewa, wala haijui kama kamati imekubali. Mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kuingiza badiliko lisilo na ombi, na hata kuihamisha lebo kutoka mahali pake, kwa hiyo ruhusa ya kuweka lebo ipewe mtu mmoja anayejulikana. Faili za Word nazo, kwa kawaida, Git itakuambia tu kwamba mbili hazifanani, bila kuonyesha sentensi iliyobadilika. Kundi linalotumia Word litunze kila toleo lililoidhinishwa kama faili isiyohaririwa tena, kisha litumie zana ya kulinganisha nyaraka iliyo ndani ya Word yenyewe. Jedwali la historia ya matoleo mwanzoni mwa waraka linafaa, lakini huandikwa kwa mkono na mtu anaweza kusahau, kwa hiyo lisichukuliwe kama ushahidi pekee.

Wala si kila karatasi ya mradi inastahili utaratibu huu wote. Kumbukumbu za vikao hutunzwa na kuwekewa tarehe, lakini hazibadilishwi, kwa hiyo hazihitaji kamati. Waraka unaostahili ni ule ambao mwingine hujengwa juu yake.

Mwanafunzi akiulizwa kutofautisha, ajibu hivi: udhibiti wa mabadiliko hutoa uamuzi, udhibiti wa matoleo hutunza historia, na usimamizi wa usanidi huthibitisha kwamba kilichoamuliwa ndicho kilichomo, kote kinakotakiwa kuwamo, bila nyongeza. Na mwenye mradi mkononi afanye zoezi moja kabla ya kukabidhi kazi: afungue mpango wa majaribio, atafute namba ya toleo la mahitaji unaoupima, kisha ailinganishe na toleo lililoidhinishwa mwisho. Namba zikitofautiana, au isipoonekana namba yoyote, asikabidhi bado.